Barua ya kujitoa katika usimamizi wa mirathi ya marehemu Idi Hamisi

Isevya, Tabora
12 Mei 2025

Kwa shemeji Zaina, mwanangu Rashidi na wote wa nyumba ya marehemu, Ujiji

Assalaam alaykum.

Naiomba Mahakama ya Mwanzo Ujiji initoe katika usimamizi wa mirathi ya kaka yangu, marehemu Idi. Wosia wake ulinitaja, kikao cha ukoo kikaniridhia, na mahakama ikanipa fomu namba 4. Niliipokea kazi hiyo kama amana ya kaka, na kuiacha kunaniuma.

Sababu ni macho. Presha ya macho imelimaliza jicho la kulia na la kushoto limeanza kufifia. Msimamizi husaini akithibitisha kwamba orodha ya mali na hesabu ni za kweli. Hati ambayo lazima nisomewe siwezi kuithibitisha, na mali ya yatima haisimamiwi kwa kusikia. Isitoshe, matibabu yamenileta huku kwa binti yangu. Wapangaji wa Kitongoni, michikichi ya Mwandiga na boti iliyoko Kibirizi vinataka mtu anayeweza kufika siku hiyo hiyo anapoitwa.

Nimesikia inasemwa kwamba nimechoshwa na mabishano kuhusu mama Amina wa Uvira. Si kweli, ila kwa kuwa jambo limetajwa, nitalisema wazi. Mama Amina aliolewa na kaka kwa ndoa ya Kiislamu, na mashahidi wawili wa ndoa hiyo wako hai hapo Ujiji. Marehemu ameacha watoto, kwa hiyo fungu la wajane ni thumuni, nao huligawana sawasawa. Shemeji Zaina, najua maana yake kwako: badala ya thumuni nzima unabaki na nusu yake. Nakuheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo nakuomba usikubali jina la mwenzio wala la mtoto wake lifutwe. Kuwa ng'ambo ya ziwa hakumwondolei mtu urithi.

Barua hii peke yake hainitoi. Aliyeteuliwa na mahakama hutolewa na mahakama. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linairuhusu kutengua uteuzi kukiwa na sababu ya kutosha na kumtaka msimamizi arudishe hati yake. Mpaka hakimu atakapotoa amri, mimi bado ndiye ninayewajibika, na hakuna mwenye ruhusa ya kuuza boti, injini yake wala mche mmoja wa mchikichi.

Hakimu ataelezwa haya. Kwanza ugonjwa wangu, nikiambatanisha cheti cha daktari. Kisha mali ilivyo leo: fomu namba 5 ya mali na madeni niliiwasilisha ndani ya miezi minne inayotakiwa, na hakuna kilichouzwa tangu hapo. Hesabu ya kodi ya vyumba na mauzo ya mawese naiandika kwenye fomu namba 6, na stakabadhi zote zipo. Ataelezwa pia kwamba deni la injini ya boti halijalipwa lote. Madeni hutangulia mgawanyo, na hata sehemu ya shamba ambayo marehemu aliiusia madrasa itapimwa baada ya madeni, isizidi theluthi ya kinachobaki. Na atapewa warithi wote kwa majina, wajane wawili na watoto wote, yule wa Uvira akiwemo. Hilo la mwisho nitalisema mwenyewe kwa mdomo wangu, hata kama kikao kitaandika vinginevyo.

Wa kushika nafasi yangu mtamchagua nyinyi, na mahakama ndiyo itakayomteua. Mimi nampendekeza shangazi yenu Mwajuma. Anajua kuweka hesabu, anaishi hapo hapo, na kwa kuwa marehemu ameacha watoto wa kiume, dada hana fungu katika mirathi hii. Rashidi, usione nimekuruka. Wewe ni mrithi na wadogo zako bado hawajafikia umri wa kujitetea. Afadhali kipimo kishikwe na asiyepimiwa.

Kaeni kikao kabla ya mwisho wa mwezi huu. Muhtasari uandikwe, kila aliyehudhuria asaini, na mama Amina apigiwe simu mapema ili aje au atume mwakilishi. Nitakuja Ujiji na binti yangu siku ya shauri, nikiwa na fomu namba 4, wosia wenyewe, daftari la kodi na funguo za stoo ya Kibirizi. Nitavikabidhi mbele ya hakimu, na Mwajuma atie saini kila kimoja anachopokea.

Wenu,
Baba mdogo, Saidi Hamisi

Nakala: Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya Mwanzo Ujiji