Mikataba ya haki za binadamu: jinsi inavyozifunga nchi na jinsi malalamiko yanavyoshughulikiwa
Muhtasari kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, kabla ya semina ya Alhamisi

Kila mnapopewa swali la mtihani juu ya mkataba wa haki za binadamu, anzeni na maswali mawili kwa mpangilio huu: nchi hii imejifunga kwa hati ipi, na je, imekubali kushtakiwa na mtu binafsi? Maswali haya ni tofauti, na majibu yake hukaa kwenye hati tofauti. Wanaoyachanganya huandika kurasa nne za hoja nzuri mbele ya chombo kisicho na mamlaka.

Nchi inafungwa lini

Saini peke yake haiifungi nchi na mkataba mzima. Kwa kifungu cha 18 cha Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba, nchi iliyotia saini inatakiwa tu isifanye jambo la kuvunja shabaha na lengo la mkataba huo. Wajibu kamili huja kwa kuridhia au kujiunga. Kuanzia hapo kifungu cha 26 kinaitaka nchi itekeleze kwa nia njema, na cha 27 kinaizuia kujitetea kwa sheria zake za ndani. Kikaririni cha 27, maana ndicho jibu la utetezi unaorudiwa kuliko wote: “bunge letu halijatunga sheria ya kuutekeleza mkataba.” Utetezi huo unaweza kufua dafu katika mahakama ya ndani ya nchi ambayo mikataba haiwi sheria mpaka bunge liipitishe. Katika ngazi ya kimataifa haufai kitu.

Nchi huweza kuridhia na papo hapo kutoa tamko kwamba haifungwi na kifungu fulani. Tamko la namna hiyo linaruhusiwa ikiwa haligongani na shabaha na lengo la mkataba. Katika Maoni ya Jumla namba 24 ya 1994, Kamati ya Haki za Binadamu, chombo kinachosimamia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ilisema kwamba yenyewe ndiyo itakayoamua kama tamko linafaa, na kwamba tamko lisilofaa kwa kawaida huondolewa na nchi ikabaki imefungwa na mkataba mzima. Marekani, Uingereza na Ufaransa zilipinga. Ubishi huo haujaisha, nanyi mna uhuru wa kuchagua upande mradi mtoe sababu.

Wajibu wenyewe una sehemu tatu: kuheshimu, kulinda na kutimiza. Unaosahauliwa ni wa kulinda. Mwaka 1988 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua shauri la mtu aliyepotezwa nchini Honduras. Ilisema kwamba hata pale tendo halikufanywa na wakala wa serikali, nchi inawajibika ikiwa haikuchukua hatua za makini kulizuia, kulichunguza na kumwadhibu mhusika. Kwa hiyo “waliofanya si askari wetu” haimalizi shauri.

Wala mpaka wa nchi haumalizi shauri. Mwaka 1981 Kamati ya Haki za Binadamu iliiona Uruguay na hatia kwa mtu ambaye maofisa wake walimteka Buenos Aires, Argentina, na kumtesa. Kifungu cha 2 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinazungumzia watu walio ndani ya eneo la nchi na chini ya mamlaka yake, lakini Kamati ilikataa kukisoma kana kwamba kinairuhusu nchi kutenda nje kile inachokatazwa kutenda nyumbani.

Haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni hutimizwa hatua kwa hatua, kwa kiwango cha juu cha rasilimali zilizopo. Msiligeuze hilo kuwa ruhusa ya kungoja. Wajibu wa kutobagua ni wa papo kwa papo, wa kuanza kuchukua hatua vilevile, na Maoni ya Jumla namba 3 ya 1990 yanaweka kiwango cha chini ambacho kila nchi inapaswa kukihakikisha.

Wakati wa hali ya hatari inayotishia uhai wa taifa, kifungu cha 4 cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinaruhusu baadhi ya wajibu usimamishwe kwa muda, kwa kadiri tu hali inavyolazimu, na nchi nyingine wanachama zijulishwe mara moja kupitia Katibu Mkuu. Haki ya uhai, marufuku ya mateso na ya utumwa, na uhuru wa dhamiri ni miongoni mwa visivyoguswa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 hauna kifungu kama hicho kabisa, na Tume yake imeichukulia kuwa nchi haiwezi kuusimamisha hata kukiwa na vita.

Kujitoa je? Korea Kaskazini ilijaribu kuutoka Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1997. Kamati ikajibu mwaka huohuo, katika Maoni ya Jumla namba 26, kwamba mkataba huo hauna mlango wa kutokea, kwa sababu haki zilizomo ni za watu walio ndani ya nchi, hazibadiliki kwa kubadilika kwa serikali. Itifaki ya Hiari inayoruhusu malalamiko, kinyume chake, inao mlango. Jamaika iliutumia mwaka 1997, na Trinidad na Tobago ikafuata, zote zikiwa na mashauri ya watu waliohukumiwa kifo. Hapo ndipo mnapoona kwa nini nasisitiza maswali mawili: nchi hizo ziliendelea kufungwa na mkataba, lakini mtu wa Jamaika hakuwa tena na njia ya kulalamika mbele ya Kamati hiyo.

Lalamiko linavyokwenda

Chukueni mfano huu wa kubuni, ndio tutakaoutumia semina. Mwanamke aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi amekimbilia Nchi B baada ya kupigwa rumande katika Nchi A. Ombi lake la hifadhi limekataliwa, Mahakama Kuu imekataa mapitio, na ndege ya kumrudisha inaondoka Ijumaa saa nne usiku. Leo ni Jumanne. Nchi B imeridhia Mkataba Dhidi ya Mateso wa 1984 na kutoa tamko la kifungu cha 22, la kukubali malalamiko ya watu binafsi. Imeridhia pia Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa.

Jambo la kwanza ni kuchagua kamati, na uchaguzi huo una gharama. Kifungu cha 3 cha Mkataba Dhidi ya Mateso kinahusu hatari ya mateso pekee. Kifungu cha 7 cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa kinabeba pia ukatili mwingine usiofikia kiwango cha mateso. Halafu someni kwa makini masharti ya kurudia shauri. Kamati Dhidi ya Mateso haipokei jambo ambalo limewahi kuchunguzwa, au linachunguzwa, na chombo kingine cha kimataifa. Itifaki ya Hiari inazuia tu lile ambalo bado linachunguzwa kwingine. Wakili anayekosea mpangilio anaweza kujifungia mlango mmoja milele.

Jambo la pili ni nafuu za ndani, yaani njia za kudai haki ndani ya nchi yenyewe. Kanuni inataka zimalizwe zote, na sababu yake ni ya haki: nchi ipewe nafasi ya kujirekebisha yenyewe kwanza. Lakini nafuu inayodaiwa ni ile iliyopo na inayofanya kazi. Kwa mama huyu rufaa ya mwisho ipo, ila haisimamishi kuondolewa nchini. Angerudishwa Ijumaa na rufaa ikasikilizwa miezi mitatu baadaye, naye yuko seli ya Nchi A. Rufaa ya namna hiyo haihesabiki. Andikeni hoja hiyo kwa tarehe na nakala za maamuzi, si kwa lawama za jumla kwamba mahakama hazina uhuru. Kutilia shaka tu kama nafuu itafanikiwa hakujawahi kutosha.

Pamoja na lalamiko huombwa hatua za muda, yaani kamati iiombe nchi isimrudishe wakati shauri linaendelea. Maombi haya hutumwa Geneva na hushughulikiwa haraka, kabla nchi haijajibu lolote. Nchi inayopuuza, kwa msimamo wa kamati, inavunja wajibu wake chini ya utaratibu iliouridhia yenyewe, kwa sababu inalifanya lalamiko liwe bure. Katika ombi la Jumanne hii, ukurasa wa kwanza uwe na saa ya ndege, namba ya shauri la Mahakama Kuu, na aya moja inayoonyesha hatari inayomkabili yeye binafsi: alikamatwa, alipigwa, daktari aliandika ripoti, wenzake watatu bado wako ndani. Ripoti za hali ya jumla ya Nchi A zikae nyuma, kama viambatisho.

Masharti mengine ya lalamiko kupokelewa nitayapitia upesi. Lalamiko lisilo na jina halipokelewi, ingawa mlalamikaji anaweza kuomba jina lake lisichapishwe. Mlalamikaji awe ndiye aliyeathirika, au awakilishwe kwa idhini yake. Tukio liwe limetokea baada ya nchi kufungwa, isipokuwa madhara yake yanaendelea: katika uamuzi wake wa mwaka 1981 Kamati ya Haki za Binadamu ililishughulikia lalamiko la mwanamke wa asili dhidi ya Kanada, aliyepoteza hadhi yake kisheria kwa kuolewa mwaka 1970, kabla mkataba haujaanza kuifunga Kanada, kwa kuwa bado alizuiwa kuishi na jamii yake. Muda wa kuwasilisha hutofautiana: miezi sita kwa Mkataba wa Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi, mwaka mmoja kwa haki za kiuchumi. Mkataba wa Afrika unasema tu “muda unaofaa”.

Kwa kawaida nchi hupewa miezi sita kujibu lalamiko lililosajiliwa, mlalamikaji hujibu hoja zake, kisha kamati hujadili faraghani. Karibu kila kitu ni maandishi.

Uzito wa maoni

Kamati haitoi hukumu. Hutoa maoni, na mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu nchi hupewa siku 180 kueleza ilichofanya. Je, maoni hayo yanafunga? Jibu langu ni kwamba kinachofunga ni mkataba, na maoni ni tafsiri yenye mamlaka ya chombo ambacho nchi yenyewe ilikipa kazi hiyo. Nchi isiyokubaliana nayo inadaiwa sababu. Mahakama za ndani zimegawanyika. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Sri Lanka ilisema kujiunga kwa nchi hiyo na Itifaki ya Hiari kulikiuka katiba. Julai 2018 Mahakama ya Juu ya Hispania iliamuru mama mmoja alipwe yuro 600,000 kwa msingi wa maoni ya kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake. Mtoto wake aliuawa na baba yake katika ziara iliyoruhusiwa na mahakama, baada ya mama kulalamika mara nyingi. Someni maamuzi hayo mawili sambamba.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, inatoa hukumu zinazofunga. Lakini mtu binafsi hufika kwake moja kwa moja ikiwa tu nchi imetoa tamko la kifungu cha 34(6) cha Itifaki ya 1998. Rwanda ililiondoa mwaka 2016, Tanzania 2019, Benin na Kodivaa 2020. Kenya haijawahi kulitoa, na bado ilishindwa katika shauri la Waogieki mwaka 2017, kwa sababu iliyopeleka shauri ni Tume ya Mkataba wa Afrika, iliyoko Banjul, ambayo haihitaji tamko. Mwaka 2022 fidia ikapangwa: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, pamoja na amri ya kuirudishia jamii ardhi yake.

Kwa Alhamisi: nusu ya darasa iandike ombi la hatua za muda la mama aliyekimbilia Nchi B, lisizidi kurasa mbili. Nusu nyingine iandike jibu la Nchi B kwamba nafuu za ndani hazijamalizwa. Leteni nakala zilizochapwa.