Kihamba cha Mama

Kaka Elia hakuwahi kusema mdogo wetu Manka aondoke pale nyumbani. Naanza na hilo maana kwenye ukoo watu wameshalisambaza kama vile alikuja na panga. Alichosema kwenye kikao cha ukoo ni kwamba kihamba, lile shamba la nyumbani alilotuachia mama, kiandikwe jina lake, Manka abaki humohumo na wanae, asiguswe na mtu mpaka siku Mungu atakapomchukua. Na Manka naye hakuwahi kusema kaka asirudi. Alisema kiandikwe jina lake yeye, kaka akija ajenge kule chini karibu na barabara, ndizi zipo, maziwa yapo. Mtu wa nje akisikia hivo anasema mbona hawa wameshakubaliana, ugomvi uko wapi. Ugomvi uko kwenye jina. Kila mmoja anamkaribisha mwenzake, na hakuna anayekubali kuwa mgeni.

Mimi ndo wa katikati, na ndo maana ukoo ulinichagua mimi niwe msimamizi wa mirathi, si kwa sababu najua sana mambo ya mahakama. Wote wawili walinikubali haraka kabisa. Kaka alikubali kwa sababu alinisomesha, Manka alikubali kwa sababu anajua ninavyojua alichofanya kwa mama. Kwa hiyo nilipotoka Mahakama ya Mwanzo na barua yangu ya usimamizi, nikaambiwa nina miezi 4 ya kurudisha fomu namba 5 na 6 zikionyesha mali na mgawanyo, nilikuwa nadaiwa pande zote mbili kabla sijaandika hata mstari.

Baba alifariki 1983. Kaka alikuwa kidato cha pili, na enzi zile mtoto wa mkulima kufika kidato cha pili halikuwa jambo dogo, darasa zima walichaguliwa wawili tu. Mama alibaki na kahawa na sisi wadogo, Manka hata miaka mitano hajafika. Kaka akaacha shule. Hakuna aliyemwambia aache, ila hakuna aliyemwambia asiache pia, na hilo nimelifikiria sana mwaka huu. Akaenda Dar, akawa utingo wa malori ya Tunduma, baadae akapewa usukani. Kila mwezi ilikuwa inakuja manioda pale posta. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwake mpaka nikaingia chuo cha ualimu, ya Manka pia mpaka kidato cha nne. 1998 akaja na mabati na saruji akaezeka nyumba ya mama upya, akapiga sakafu. Yeye mwenyewe alijenga Kimara mwishoni kabisa, kidogo kidogo, tofali hadi tofali, na ile nyumba ikaenda na bomoabomoa ya 2017 ya kupanua barabara ya Morogoro. Alikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, fidia hakuna. Toka hapo yuko vyumba viwili vya kupanga huko Kibamba, mgongo umeisha kwa usukani, pensheni hana kwa sababu matajiri wa malori hawakuwahi kumwandikisha popote. Miaka yote hiyo akiulizwa utastaafu lini alikuwa anajibu nitarudi nyumbani. Hakuwa na mpango mwingine wowote. Na kwa mila zetu hakuhitaji mpango mwingine, mtoto wa kiume wa mwisho ndo anayebaki kwenye kihamba cha wazazi, na sisi wa kiume tunaye huyo mmoja tu, ndo wa kwanza ndo wa mwisho.

Manka alirudi nyumbani 2008 kutoka kwenye ndoa yake huko Same, akiwa na watoto wawili na begi moja. Mama alimpokea. Alikuta kahawa imezeeka, mibuni ya babu ile, inazaa viganja viwili na ugonjwa wa chulebuni unamaliza. Aking'oa mistari michache kila mwaka akapanda chotara kutoka Lyamungo, na mtu ambaye hajalima kahawa hajui maana yake, unang'oa kinachokupa kidogo leo ili usubiri miaka mitatu bila kitu kwenye huo mstari. Akajenga zizi, akaleta ng'ombe wa maziwa, majani anakata mwenyewe anabeba kichwani. 2013 mama akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Miaka tisa, mpaka 2022. Mimi nilikuwa Arusha na shule na watoto, nilikuja likizo. Kaka alituma hela ya dawa, hata baada ya kubomolewa alituma, pungufu ila alituma. Manka ndo alikuwepo.

Kikao kilikaa sebuleni, wiki moja baada ya kumaliza msiba. Kaka alikuja na bahasha ya kaki. Mkewe aliitoa Kimara pamoja na godoro na tivii siku ile greda limeshafika mtaa wa pili, maana alijua mumewe anavyoithamini. Akatoa vipande vya manioda, vingine vimefifia hata tarehe haisomeki, akavipanga mezani kimoja kimoja kwa mwaka, 1984, 1985, 1986, na risiti ya mabati chini kabisa. Hakuwa anajigamba, mikono ilikuwa inatetemeka. Akasema, "Sidai kurudishiwa. Nataka tu mjue kwamba nilikuwepo. Watu wanaongea kama vile mimi nilikuwa Dar nakula maisha."

Kimya. Alafu Manka akasema, "Na mimi nilete risiti gani kaka? Ya pampasi?"

Akasimama katikati ya sebule, akaonyesha kwa mikono, bila hasira, kama anamfundisha mtu. Usiku unamgeuza mara tatu. Unapitisha mkono huu chini ya bega, huu chini ya nyonga, unamvuta kwako kwanza ndo unamlaza upande wa pili, unaweka kanga iliyokunjwa katikati ya magoti yasisuguane. Ukilala ukapitiwa, asubuhi ngozi imekuwa nyekundu, ukipitiwa tena ni kidonda. "Mama amekufa hana kidonda hata kimoja," akasema. "Muulizeni nesi aliyemwosha. Hiyo ndo risiti yangu."

Baba mdogo akaona hapo ndo pa kuingilia, akasema haya yote ni mazuri lakini mwanamke harithi kihamba, tusipoteze muda. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamwambia zile sheria za mila zilizoandikwa 1963 zilisema hivo kweli, mwanamke atumie ardhi ya ukoo lakini asiiuze, ila 1990 Mahakama Kuu Mwanza kwenye kesi ya mama wa Kihaya, Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya alishasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Kabla sijamaliza kaka akamjibu yeye mwenyewe. "Baba mdogo, mimi sijasema hivo. Usiniwekee maneno mdomoni. Manka ni mtoto wa baba kama mimi." Manka alimwangalia kaka pale, nikadhani labda tutaelewana siku hiyohiyo. Hatukuelewana.

Maana nilipomuuliza Manka kwa nini hataki abaki kwa jina la kaka, wakati kaka kaapa mbele ya ukoo hatamgusa, alisema, "Kaka namwamini. Je akifa? Wanae wamezaliwa Dar, hapa wanakuja Desemba kula nyama wanaondoka. Siku hiyo mimi na wanangu tutakuwa nani? Nilishatolewa kwenye nyumba ya watu na begi, dada. Sitaki kuwa kwenye nyumba ya watu tena, hata hao watu wakiwa ni kaka yangu."

Na kaka nilipoenda kumwona Kibamba, tumekaa nje kwenye benchi kwa sababu ndani joto, nikamuuliza hilohilo kwa upande wake, kwa nini asikubali kujenga chini kwa jina la Manka. Alikaa muda. "Anna, mimi nimeishi kwa ruhusa ya watu toka nina miaka 17. Kwenye gari la mtu, kwenye nyumba ya mtu, na nilipojenga ya kwangu kumbe nimejenga kwenye barabara ya serikali. Sa na kuzikwa pia nikazikwe kwa ruhusa?"

Nilirudi Arusha na basi, na usiku ule sikulala. Walikuwa wamesema kitu kilekile, na hakuna aliyemsikia mwenzake akikisema, walinisikia mimi tu nikiwapelekea.

Kihamba ni kama heka moja na robo. Ukikigawa vipande vitatu hakuna kitu, kwa hiyo changu nilikitoa kwanza, nina kiwanja changu na mshahara. Alafu nikaenda na mjumbe na baba mdogo tukapima, tukaweka masale kwenye mpaka, mfereji ndo ukawa mstari. Juu ya mfereji, nyumba, zizi na kahawa yote: Manka. Chini ya mfereji mpaka barabarani, migomba na makaburi ya baba na mama: Elia. Njia ya kwenda makaburini iwe ya wote, na nimeiandika, sikuiacha kwa mdomo. Kila mmoja na jina lake kwenye fomu namba 6.

Wote walilia na si kwa furaha. Nyumba ambayo kaka aliiezeka imeenda. Alisaini, lakini aliniambia kwa simu kwamba siku ile amepoteza nyumba ya pili, na nilimwacha aseme, sikumbishia. Manka naye kule chini ana maparachichi aina ya Hass, aliyapanda mwenyewe, mwaka jana ndo yameanza kuzaa vizuri mnunuzi akaja mpaka shambani. Yako upande wa kaka. Kuna watu wa ukoo wanasema nilimpendelea mmoja, na kila mmoja ana wake wa kumtaja. Ningeweza kupima kwa namna nyingine, mstari ungepanda au kushuka hatua kadhaa, ila nisingeweza kukubali mmoja wao abaki bila jina.

Desemba kaka hakuja. Januari yote hawakupigiana. Mwezi huu wa pili kaka kanipigia, anasema fundi kashaenda kupima, anataka kuanza msingi wa vyumba viwili tu. "Mwambie Manka maparachichi sikati. Avune yeye, mimi nitayafanyia nini. Ila ule mti mmoja wa karibu na mgomba mkubwa uko katikati ya msingi, huo lazima utoke. Mwambie asije akasikia kwa fundi."

Nikampigia Manka nikamwambia kama alivyosema. Akaniuliza mti upi, nikamweleza. Akasema ule hauzai vizuri hata hivyo, una kivuli. Alafu akasema, "Ila aje aniambie mwenyewe. Aje na wifi, walale hapa. Asitume mtu."

Nimemtumia kaka maneno hayo vilevile, na namba mpya ya Manka maana ile ya zamani alishaifuta.