Mkate wa bati: vipimo vya mwisho

Shikamoo dada. Nimepitia mazungumzo yetu yote tangu ujumbe wa kwanza, na huu ndio mkate tuliofikia. Fuata huu peke yake, usirudi tena kule juu, maana kule maji yana vipimo vitatu na sukari inachanganya.

Mkate mmoja, bati la urefu wa sentimita 23:

Unga wa ngano gramu 500
Maji ya uvuguvugu mililita 320
Hamira kavu gramu 7
Chumvi gramu 9 (kijiko cha chai kimoja na nusu)
Sukari kijiko 1 cha chakula
Mafuta vijiko 2 vya chakula

Maji tulianza na 350, donge likang'ang'ania mikononi. Ukashusha hadi 300, mkate ukapasuka ubavuni. Wa 320 ndio ule wa Jumamosi uliousifu.

Sukari nimeirudisha kijiko kimoja. Ulipopika mikate miwili uliandika vijiko viwili, na tuliporudi kwenye mkate mmoja vikabaki viwili vilevile. Ndiyo maana ule wa Jumatano ulikolea rangi juu kabla ndani hakujaiva. Ulitaka tushushe moto hadi 180 kwa sababu hiyo. Sijashusha: kosa lilikuwa la sukari, na kwa nyuzi 200 mkate wa Jumamosi uliiva vizuri.

Changanya vikavu, mimina maji, kanda dakika 2. Hapo ndipo utie mafuta, si pamoja na maji kama nilivyokuandikia mwanzo. Endelea kukanda dakika 8 hadi 10, mpaka ukivuta kipande kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga bila kukatika. Ukiona kinakatika, kanda tena. Usiongeze unga, tafadhali, hata kama bado unanata kidogo.

Funika, acha uumuke hadi uwe mara mbili. Tuliandika saa moja, lakini penye joto huwahi na penye baridi huchelewa, kwa hiyo tazama donge kuliko saa. Litoe hewa, likunje kwa nguvu kiasi, liweke kwenye bati lililopakwa mafuta, mkunjo ukiwa chini. Liumuke tena mpaka lipande juu ya ukingo kwa upana wa kidole. Libonyeze kidogo: shimo likijaa polepole, liko tayari.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 200 za selsiasi, dakika 35. Foili ya kufunika juu tumeiacha. Utoe kwenye bati, gonga chini yake. Ukisikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Subiri upoe kabisa ndipo ukate.

Maziwa uliyouliza juzi sijayaweka, kwa kuwa hatujayapika hata mara moja. Tuyajaribu kwenye mkate unaofuata?