Karatasi ya Mazoezi: Mwelekeo kwa Tarakimu Tatu na Mwelekeo wa Kurudi

Vifaa: penseli iliyochongwa, rula, protrakta.

Hapa Mbeya wengi tunaitumia Loleza kama kaskazini. Ukiwa katikati ya mji hukosei sana. Ukifika Uyole, mlima uleule umeshahamia kaskazini-magharibi. Ndiyo maana tunapima kwa nyuzi, kuanzia mstari wa kaskazini, tukizunguka kama mshale wa saa.

Andika tarakimu tatu kila mara: nyuzi 8 ni 008°, mashariki ni 090°. Ukimtajia mwenzako kwa simu sema "sifuri tisa sifuri", asije akadhani tarakimu moja imemezwa na mtandao.

Kwa nini kurudi ni 180° zaidi?

Shule ni A, mashine ya kusaga ni B. Kutoka A kwenda B ni 062°. Chora mstari wa kaskazini pale A, na mwingine pale B. Mistari hiyo ni sambamba. (Kwa kweli yote inakutana ncha ya kaskazini, lakini kwa kilomita chache za kwetu tofauti haifiki sehemu ya kumi ya nyuzi moja.)

Sasa refusha AB ipite B. Pembe kati ya kaskazini ya B na mstari uliorefushwa ni 62° pia, kwa kuwa AB imekata mistari sambamba na pembe hizo zimekaa mahali pamoja. Lakini wewe unataka kurudi A, yaani kugeuka nyuma kabisa, nusu mzunguko: 62° + 180° = 242°.

Hakiki kwa njia nyingine. Pembe mbili za ndani za upande mmoja zinajumlisha 180°, hivyo ya ndani pale B ni 118°. 360° − 118° = 242°.

Jumla ikifika au kuzidi 360°, toa 360°.

Maswali

1. Andika kwa tarakimu tatu: nyuzi 7, kusini-magharibi.

2. Tafuta mwelekeo wa kurudi: 038°, 296°, 180°.

3. Mwanafunzi kaandika kwamba kurudi kwa 214° ni 394°. Kakosea wapi?

4. Kutoka shamba la viazi, mnara wa simu uko 127°. Chora kaskazini mbili, onesha pembe ya ndani pale mnarani, ndipo utaje mwelekeo wa kurudi. Jibu lisilo na mchoro halina alama.

5. Bibi anatoka nyumbani kwa 070°, kilomita 4, hadi mnadani. Kisha 160°, kilomita 3, hadi kisimani. Onesha kuwa pembe pale mnadani ni 90°, kisha tafuta umbali na mwelekeo wa kurudi nyumbani moja kwa moja.

Majibu

1. 007°; 225°.
2. 218°, 116°, 000°.
3. Hakutoa 360°; ni 034°.
4. 53°, 307°.
5. 250° − 160° = 90°; kilomita 5; karibu 287°.