Moduli ya 6: Ushauri nasaha wa ufuasi wa dawa kwa mteja anayeanza ARV

Walengwa: wanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili
Muda: saa mbili darasani, asubuhi moja kliniki ya CTC

Tangu 2016 Tanzania inaanzisha dawa kwa kila anayegundulika na VVU bila kusubiri CD4 zishuke. Ndiyo maana mteja wako wa leo huenda majibu yake ameyapata wiki hii hii, pengine leo asubuhi. Amekaa mbele yako lakini akili yake iko nyumbani, kwa mume, kwa watoto, kwa mama mkwe. Usimmwagie somo zima. Siku ya kwanza aondoke na mambo matatu: dawa haiondoi virusi mwilini bali inavizuia kuzaliana; ni kidonge kimoja kila siku, maisha yote; na akipata shida yoyote arudi hata kama siku yake haijafika.

Akiuliza kwa nini asiache akipata nafuu, mwambie wazi. Virusi vinajificha ndani ya chembe za mwili. Dawa ikipungua kwenye damu vinaanza kuzaliana tena, na vinavyozaliana huku dawa ikiwa kidogo ndivyo vinavyoweza kuizoea. Huo ndio usugu. Wengi wenu mtakutana na wateja wanaokumbuka 2011, watu walipopanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na baadhi yao wakaacha ARV. Anayekuuliza habari za tiba kama hizo usimkaripie. Ukimkaripia, ataendelea nazo na hatakwambia.

Mpe pia matumaini, maana ni ya kweli. Baada ya miezi sita atapimwa wingi wa virusi. Akimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Nimeona watu wakilia kwa furaha kusikia sentensi hiyo.

Kuipanga dawa ndani ya siku yake

Hapa ndipo nataka mtumie muda mwingi. Someni mazungumzo haya kwa sauti, wawili wawili. Mteja ni mvuvi wa dagaa, miaka 29, anaishi kambini kwenye kisiwa cha Ukerewe.

Muuguzi: Kaka, nisimulie siku yako ya jana, tangu ulipoamka.
Mteja: Jana niliamka saa nane mchana, sista. Usiku tunakuwa ziwani.
Muuguzi: Mnaingia majini saa ngapi?
Mteja: Kama saa kumi na mbili jioni. Tunarudi alfajiri.
Muuguzi: Na mbalamwezi ikiwaka?
Mteja: Hatuendi. Nalala usiku kama watu wengine.
Muuguzi: Kuna kitu gani unafanya kila siku, uende ziwani usiende?
Mteja: Saa kumi jioni lazima nile ugali.
Muuguzi: Basi kidonge tukiweke hapo?
Mteja: Hapo sawa. Ila kopo likitikisika linalia, na tunalala sita chumba kimoja.
Muuguzi: Weka pamba juu ya vidonge, halitalia.

Angalieni: muuguzi hakusema "meza saa mbili usiku" kwa mazoea. Saa mbili usiku huyu yuko majini na taa zake. Kidonge chake, TLD, humezwa na chakula au bila chakula, kwa hiyo ugali ni alama ya kukumbuka tu, wala si sharti. Siku akikosa ugali, ameze vilevile.

Akisahau, ameze mara anapokumbuka, halafu aendelee na saa yake. Muda wa kidonge kinachofuata ukiwa umekaribia sana, ameze hicho tu. Asimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Ulizeni dawa nyingine anazotumia. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hupunguza nguvu ya TLD: ameze TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu huongezewa dozi, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Akirudi, msimuulize "Unameza vizuri?" Atajibu "ndiyo, sista" na mtakuwa mmefunga mlango. Semeni: "Kukosa dozi kunatokea kwa watu wengi. Siku saba zilizopita zilikupita ngapi?" Kisha nyamazeni, mumwache ahesabu. Akisema mbili, mshukuruni kwa kusema, halafu ulizeni siku hizo alikuwa wapi.

Zoezi la kliniki

Kwa ruhusa ya mteja, kaa na muuguzi mwenyeji katika kikao kimoja cha kuanza dawa. Usiandike jina wala kijiji. Andika mambo manne: saa aliyochagua mteja mwenyewe, kitu alichoifungamanisha nacho, mahali atakapoficha au kuweka dawa, na mtu mmoja anayemwamini kumkumbusha. Kama hana mtu, andika hivyo, umjulishe muuguzi kabla mteja hajatoka mlangoni.