Kuthibitisha kwa maandishi makubaliano ya malipo ya ukarabati wa mashua

Kassim Bwanaheri
Shela, Lamu
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Fundi Shebwana
Matondoni

Kuh: Malipo ya kazi ya mashua yangu, Tawakali

Ami Fundi, assalamu alaikum, na baraka za Idi ziwe bado nyumbani kwako.

Ninakuandikia kuhusu mazungumzo yetu ya Jumamosi tarehe 7, barazani kwako baada ya Alasiri, Mzee Athmani akiwa amekaa nasi. Tulielewana na tukapeana mikono. Sikuandiki kwa kuwa na shaka nawe. Mashua hii wewe ndiwe uliyeipiga kalafati tangu enzi za marehemu baba. Ila kazi ni ya miezi, pesa zitatoka kidogo kidogo, na aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamuru tuandike deni lenye muda wake. Soma taratibu, na palipo tofauti na ulivyosikia wewe unambie.

Kazi tuliyokubaliana ni hii: kutoa mbao zilizooza ubavu wa kulia na kutia mbao mpya za mbambakofi, kubadilisha mataruma manne yaliyopasuka, kuipiga kalafati mashua nzima, kuipaka deheni chini na rangi juu, kisha kuishusha majini. Mashini na tanga havimo. Mashini ina fundi wake, na tanga nitalishughulikia mwenyewe.

Bei ya yote ni shilingi 340,000. Katika hizo, 190,000 ni ujira wako pamoja na wasaidizi wako, ambao utawalipa na kuwalisha wewe, na 150,000 ni za mbao, misumari, pamba, mafuta na rangi. Mimi nilifahamu kwamba hiyo 150,000 imebeba pia nauli ya kuleta mbao kutoka Amu mjini hadi Matondoni. Hili hatukulitamka wazi, nami nimelifikiri baadaye nikiwa njiani kurudi. Ikiwa hukuhesabu nauli, sema sasa tuitafutie kiasi chake, kabla mbao hazijapakiwa.

Malipo yatakwenda hivi. Arubuni ni 100,000. Siku ileile ya Jumamosi nilikukabidhi 40,000 taslimu mbele ya Mzee Athmani, kwa hiyo imebaki 60,000, nami nitaituma Ijumaa tarehe 13 Juni. Awamu ya pili ni 120,000, nayo ni siku mbao na mataruma mapya yatakapokuwa yamekwisha kugongwa, kabla hujaanza kalafati. Utanipigia simu, nitakuja kuangalia, na nitalipa katika siku tatu tangu siku uliyonipigia. Nikichelewa kuja, kosa si lako na pesa utazidai palepale. Awamu ya tatu ni 80,000, kalafati, deheni na rangi zikikamilika. Zitabaki 40,000 za mwisho, ambazo nitazieleza hapa chini kwa kuwa ndizo zilizotuchukulia muda mrefu.

Pesa zote zitakuja kwa M-Pesa kwenye namba yako ileile tunayoongea, au nikukabidhi wewe mkononi ukatia sahihi kwenye daftari langu. Hakuna awamu inayofika kikomo cha 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo kila moja itakuja kwa mkupuo. Ada ya kutuma ni juu yangu, ya kutoa ni juu yako. Pesa nitakayompa msaidizi au mtu mwengine yeyote bila ya wewe kunituma, hiyo ni hasara yangu, haitakatwa kwako.

Sasa hizo 40,000. Ulisema kazi itakwisha ifikapo Jumamosi tarehe 30 Agosti. Lakini siku hizo maji yatakuwa mafu, na Tawakali haiwezi kushuka pale ilipo ila kwa bamvua. Mwezi mpevu ni tarehe 7 Septemba, basi tukapanga kuishusha Jumatatu tarehe 8, au siku ya karibu nayo ambayo maji yatafika. Siku za baina ya tarehe 30 na kushuka hazihesabiwi kuwa umechelewa. Na mimi sitazifanya kisingizio cha kuzuia awamu ya tatu: kazi ya nchi kavu ikikamilika, zile 80,000 ni zako hata kama mashua bado iko juu ya magogo.

Ikishashuka, tutaiacha majini siku saba. Siku tatu za mwanzo ikiingiza maji hatusemi kitu, maana mbao kavu lazima zinywe mpaka zivimbe na kubana. Kuanzia siku ya nne, ikiwa itahitaji kukumbwa maji zaidi ya mara moja kwa usiku na mchana, utarudi kutazama kalafati bila ya malipo mengine. Ikiwa iko sawa, siku ya nane nakulipa 40,000. Hapa nilisikia ukisema "kukumbwa mara moja ni kawaida ya mashua", nami nimekubali. Ndiyo maana nimeiandika hivyo, nisije nikasahau nikaanza kulalamika kwa ndoo mbili za maji.

Bei ya mbao ikipanda, nyongeza ya hadi 10,000 kwa jumla utaibeba wewe, na inayozidi hapo nitailipa mimi kwa kuonyeshwa risiti. Ukifungua ubavu ukakuta uozo ambao hatukuuona, hasa kwenye mkuku, usiuguse kwanza. Nipigie, nije nione, tukubaliane bei yake peke yake, na tuiandike chini ya karatasi hii. Kazi ambayo haikuandikwa humu sitadaiwa, na wewe hutalazimishwa kuifanya.

Kuhusu kuchelewa: nilitaka tuweke faini ya kila siku, ukakataa, na hoja yako ya mvua za kusi ilikuwa ya haki. Basi faini haimo. Tulichokubaliana ni kwamba mimi nikichelewesha awamu yoyote, una ruhusa kusimamisha kazi, na tarehe 30 itasogea kwa idadi ya siku nilizochelewa. Wewe ukichelewa bila ya sababu ya mvua, ugonjwa au msiba, sitakukata kitu, ila hutaanza mashua ya mtu mwengine kabla ya kumaliza hii. Naliweka wazi hili kwa sababu watalii huanza kurudi Shela, na mimi nina watu wanaonisubiri.

Mbao kuukuu zitakazotolewa ni zako. Misumari ya zamani iliyo mizima niwekee.

Nimekuletea nakala mbili zilizo sawa. Ukiridhika, tia sahihi na tarehe kwenye zote mbili, moja ubaki nayo na moja umpe kijana aliyezileta. Ukiwa na la kubadilisha, liandike pembeni kwa kalamu au nitumie ujumbe kwa Watsapu kabla ya Ijumaa adhuhuri. Zile 60,000 nitazituma nikishapata jibu lako, ili pesa isitangulie maelewano. Suala la nauli nijibu kwa vyovyote, hata kama mengine yote yako sawa.

Wasalaam,

Kassim Bwanaheri
Mwenye mashua

Nakala: Mzee Athmani, shahidi