Muheza, Marangu, Makuyuni
Arusha, Jumamosi 12 Julai 2025, saa nne usiku

Leo nimerudi kutoka Makuyuni na vumbi limejaa hadi ndani ya masikio. Nimeoga, nimekula wali maharage, sasa niandike kabla usingizi haujanichukua, maana katika siku hizi nne nimepita nchi tatu bila kuvuka mpaka hata mmoja.

Jumatano nilitoka Muheza alfajiri, nikiwa na ndoo yenye miche mitatu ya michungwa niliyoibebesha, yaani kuiunganisha, kwa mikono yangu. Mmoja wa mdogo wangu Mwanaidi aliyeolewa Marangu, miwili ya Salimu, mtoto wa kaka, anayefundisha Makuyuni. Nyumbani kusi ilikuwa inavuma na ilikuwa imenyesha usiku kidogo. Pwani yetu haikauki kabisa hata katika kipupwe. Unyevu wa bahari unaingia hadi kwenye nguo ulizozikunja kabatini. Ukiangalia kushoto na kulia ni minazi, mikorosho, michungwa, na huko juu milima ya Amani imejifunika wingu.

Baada ya Segera na Korogwe nchi ikawa ya mkonge, mistari na mistari mpaka macho yanachoka. Mmea huu si wa kwetu: aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ukaikubali ardhi hii kama ulizaliwa hapa. Jani lake ni nene na lina nta, halitoi maji yake ovyo. Mimi nikiona mkonge umestawi mahali najua hapo mvua si ya kutegemea.

Tulipopita Mombo nikaona kweli. Usambara imesimama mkono wa kulia, kijani juu kabisa kileleni, na chini yake barabarani ni vichaka vya miba na udongo mwekundu. Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same: mibuyu imepukutisha majani yote, imebaki matumbo matupu na vidole juu. Mbuyu unaweka maji ndani ya shina lake, na majani unayaacha kiangazi yasije yakayamaliza. Upepo wetu wa baharini unafika ukiwa umebeba maji, mlima unausukuma juu, unapoa, unamwaga mvua upande wa huko. Ukishuka upande wa barabara umebaki mkavu. Nimepita njia hii mara nyingi nikiwa nimelala. Safari hii sikusinzia, na niliwaonea huruma watu wa Same, wanaouona mlima wa kijani kila asubuhi na maji yake yanawapita.

Nilishuka Himo saa nane mchana, jua kali, mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa. Nikapanda Noah ya Marangu. Sijui niandikeje hii. Kabla sijamaliza kumpigia simu Mwanaidi kwamba nimepanda, migomba ilikuwa imefunga pande zote mbili za barabara na abiria wanafunga madirisha kwa baridi. Kila ukipanda mita 100 joto linapungua kama nusu digrii na kidogo, na Marangu iko juu ya mita 1,300, kwa hiyo ukilinganisha na kwetu Muheza ni digrii saba hivi. Mwili wangu haukuhitaji hesabu. Usiku nililala na blanketi mbili na soksi za shemeji.

Asubuhi mkwe wa Mwanaidi akanitembeza kihambani. Bibi ana miaka zaidi ya sabini na anatembea kwenye mteremko kama yuko sebuleni. Kihamba ni ghorofa: juu kabisa migrevilea na misesewe, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na viazi vikuu, na pembeni ng'ombe zizini anayekula majani ya migomba na kurudisha samadi. Hakuna jua linalofika chini bure. Mpaka wa jirani ni mstari wa masale. Nilikanyaga udongo ukabonyea kama godoro. Katikati unapita mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kutoa maji mtoni. Bibi aliuziba kwa kipande cha gogo la mgomba na tope, maji yakageuka taratibu yakaingia kwenye migomba yake. "Leo ni zamu yetu mpaka saa sita," akasema, "baada ya hapo ni ya jirani, na huwezi kumwibia."

Mche wangu aliupokea kwa mikono miwili, kisha akaniambia ukweli bila kunizungusha.

"Mwanangu, huu utaota, ila utakawia. Huku chungwa linachelewa na linakuwa kali. Angalia."

Akanichumia moja kwenye mti wake wa zamani. Lilikuwa la njano, rangi ile ya kwenye picha. Nilikaa nalo mkononi. Machungwa yetu ya Muheza yanaiva yakiwa kijani, na wateja wa mikoani wananisumbua kila msimu wakidhani nimewauzia mabichi. Ni usiku wa baridi unaolifukuza kijani kwenye ganda, na sisi usiku wa baridi hatuna. Nimekuwa nikilieleza hilo kwa miaka, juzi ndiyo nimelishika. Nililimenya pale pale. Kali kweli, lakini lina harufu.

Ijumaa nikashuka Moshi na kuja Arusha, safari ya kawaida, sina la kuandika ila Meru ilijificha siku nzima.

Leo sasa. Kutoka Arusha kwenda Makuyuni, ukipita Kisongo tu miti inaanza kuachana. Mvua ya Meru inanyesha zaidi kusini na mashariki ya mlima. Magharibi huku unabaki upepo. Baada ya Meserani nchi imefunguka, majani ya rangi ya simba, migunga imesimama mmoja mmoja kila mmoja na eneo lake la kunywea chini ya ardhi. Vimbunga vya vumbi vinatembea uwandani kama watu wanaokwenda mnadani.

Kijana mmoja wa Kimaasai, anachunga mbuzi, aliniona nimeinamia kimgunga kifupi chenye vinundu vyeusi kati ya miba.

"Yeyo, usiguse, kuna sisimizi."

Nilishagusa. Walitoka kwenye vitundu vya vinundu kwa makumi, mikia juu, wakaniuma vidole. Mti unawapa nyumba na utamu, wao wanaulinda usiliwe. Upepo ulipovuma vinundu vikalia kama filimbi ya mbali. Nilimuuliza ng'ombe wako wapi, akaonyesha kwa fimbo upande wa milima: wamekwenda ronjo, kambi ya muda ya malisho, huku hakuna majani ya kuwatosha tena.

Salimu amechimba mashimo mawili nyuma ya nyumba. Udongo mweusi, umepasuka, kiganja changu kiliingia kwenye ufa mmoja hadi kwenye kifundo. Tulijaza samadi ya mbuzi, tukapanda, tukatandaza majani makavu unene wa shubiri moja, tukazungushia miba. Maji yanaletwa na punda, dumu kwa dumu. Akaniahidi maji ya kuogea ya nyumba nzima yataingia hapo. Nilimwambia asitie yenye sabuni nyingi, na asimwagilie mchana.

Sijui kama itashika. Nimemwambia anipigie baada ya wiki mbili aniambie kama jani la juu limesimama au limejikunja.